Bibi Harusi wa Alama Kumi na Nane

Kidato cha Nne nilipata daraja ambalo mama yangu aliwaambia majirani kuwa ni la pili. Halikuwa la pili. Majirani walijua, mama alijua kuwa wanajua, na kila mtu aliuheshimu uongo ule kwa sababu ulitolewa pamoja na sahani ya visheti. Miezi michache baadaye nilipanda boti ya Dar, nikaanza kazi ya kuzurura ambayo sijaiacha mpaka leo. Nimeuza mitumba Mombasa, nimepakua saruji Tanga, nimeendesha gari ya mtu Maskati, na kote huko nilikuwa nikisema kwetu hivi, kwetu vile, mpaka watu wakaniuliza: kama kwetu kuzuri hivyo, umefuata nini huku? Nikirudi Unguja, wiki ya tatu naanza kuulizia nauli ya boti.

Kwa hiyo nilipopigiwa simu kuitwa kusahihisha mitihani ya watu, nilidhani wamekosea namba.

Katika marejeo yangu hayo mengi nilikuwa nimeongoza watalii Mji Mkongwe, kwanza kama papasi, wale wanaomganda mgeni mpaka anunue kitu ili apumzike, halafu kwa heshima, na kitambulisho shingoni. Chama chetu cha waongozaji, ambacho kwa miaka kilikuwa kikikutana kwa ajili ya kugombana tu, kiliamua kutunga mtihani wake. Hoteli kadhaa zilikubali kwamba msimu ule zingechukua waliofaulu peke yao. Asiyefaulu angekaa mwaka mzima kabla ya kurudia. Mwaka mzima bila mgeni ni mrefu; nimewahi kuukaa.

Walitaka wasahihishaji wazoefu. Mimi nilikuwa mzoefu, na zaidi ya hapo nilikuwa sina kazi.

Msimamizi wa usahihishaji alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba, ambaye mwongo kweli angeweza kuzimia kwa kutazamwa naye. Alinifundisha Kidato cha Pili. Nilipofika siku ile ya Alkhamisi nilimwamkia kabla sijafika mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekonda. Ile insha yako ya mazingira bado nakungojea uimalize."

Tulikuwa katika darasa la skuli moja Mwanakwerekwe, wakati wa likizo. Mwalimu ndiye aliyetupeleka kule makusudi. Mjini, alisema, kila mtahiniwa ni mtoto wa shangazi ya mtu, na kabla hujafungua bahasha ya kwanza utakuwa umeletewa birika la kahawa na salamu za familia. Mwanakwerekwe hakuna aliyetujua. Kulikuwa na kelele za sokoni tu, na muuza dawa ya panya mwenye kipaza sauti, aliyekuwa akirudia maneno yale yale tangu asubuhi hadi tukaanza kuyajibu. Viti vilikuwa vya watoto wa darasa la pili. Tulikaa magoti yakiwa karibu na masikio.

Tulikuwa wanne. Mwalimu, mimi, mwenzangu mmoja wa Shangani, ambaye zamani nilimfundisha kazi na sasa alikuwa na miwani nyeusi, simu mbili na watu wa kumbebea maji, na dada mmoja kutoka hoteli ya Matemwe, ambaye kazi yake ni kuajiri waongozaji na kuwafukuza, na alizungumza juu ya yote mawili kwa sauti ile ile.

Kazi yetu ya siku ile haikuwa kusahihisha. Wasahihishaji wengine kumi wangekuja Jumamosi. Mwalimu alitueleza kama anavyoelezwa mtu aliyepigwa jua.

"Watu kumi wakisahihisha bila kipimo kimoja, jibu moja litapata alama kumi tofauti. Huyu kalala vizuri, anatoa kumi na tano. Yule kagombana na mkewe, anatoa sita. Kwa hiyo sisi leo tunatayarisha majibu ya mfano. Moja la juu, moja la kati, moja la chini. Kila moja na alama zake, na maelezo kwa nini limepata alama hizo na si nyengine. Jumamosi wote watayasahihisha hayo kwanza, bila kuona tulichotoa sisi, halafu tutalinganisha. Atakayekuwa mbali na wenzake tutazungumza naye mpaka arudi."

"Na asiporudi?" aliuliza mwenzangu.

"Atakwenda kununua chai."

Swali lenyewe lilikuwa moja, la alama ishirini. *Mgeni anasimama mbele ya nyumba ya Shangani yenye dirisha lililozibwa kwa mawe, anakuuliza kwa nini. Mjibu.* Kila mwongozaji wa mjini anaijua nyumba ile. Usahihi wa maelezo ulikuwa na alama kumi, mpangilio tano, na namna ya kumvutia mgeni tano. Kumi na tano kwenda juu ni daraja la juu. Kumi ndiyo mstari: kumi umefaulu, tisa umeanguka.

Mwanzo tulijaribu kuyaandika wenyewe. Hilo lilikuwa kosa, lakini nimefurahi kuliona. La juu halikutushinda, kila mtu anaamini anaweza kuandika la juu. La chini ndilo lililotutoa jasho. Hebu kaa chini ujaribu kuanguka mtihani kwa makusudi. Mwalimu aliandika jibu la chini lenye utangulizi, hoja tatu na hitimisho, likiwa limekosewa mahali pamoja tu, tena kosa lenyewe limepigiwa mstari kwa rula. Dada wa Matemwe aliandika, "Sijui, niulizie mapokezi." Mwenzangu alikataa kuandika kabisa, akasema jina lake haliwezi kukaa juu ya jibu la chini.

"Halina jina," Mwalimu alimwambia.

"Mungu anajua, Mwalimu."

Langu Mwalimu alilisoma mara mbili. "Hili ni la chini kweli," alisema. "Umelipata wapi?"

"Kwenye kumbukumbu."

Hata hivyo alilitupa pamoja na mengine. Alisema mtu mzima anayejifanya hajui huwa hajui kwa mpangilio, kila mahali kidogo kidogo. Mtahiniwa wa kweli anajua jambo moja vizuri sana na jengine hajalisikia kabisa. Kwa hiyo alifungua mabunda, akatoa karatasi halisi, zenye namba tu bila majina, tukazisoma tangu asubuhi tukitafuta zinazofaa.

Ya kwanza iliyomfurahisha kila mtu ilikuwa namba kumi na mbili.

Namba kumi na mbili iliandika kwamba katika nyumba ile aliishi binti mzuri, mchumba wa mpwa wa Sultani. Kila jioni alikaa dirishani akimtazama mchumba akipita juu ya farasi mweupe. Siku moja akamwona akicheka na mjakazi, moyo ukavunjika, akaapa kutomwona tena mwanamume yeyote. Baba yake, kwa huzuni, akaliziba dirisha kwa mawe, na usiku wa mbalamwezi bado husikika kilio nyuma ya ukuta. Jina la binti lilitajwa, mara nne. Na mwishoni: "Karibu mgeni, sogea, weka kiganja chako juu ya jiwe."

"Ah we!" alisema dada wa Matemwe. "Mgeni hapo analia, anatoa bakshishi, anaandika kwenye mtandao. Huyu namtaka kesho."

Kila mtu alitoa alama zake kwenye kijikaratasi, tukazifunua kwa pamoja. Mwalimu kumi na saba. Dada kumi na nane. Mwenzangu kumi na tisa. Mimi kumi na nane. Tukakubaliana kumi na nane, na jibu la juu likapatikana. Mwongozo wa usahihishaji, ambao mwenzangu ndiye aliyeuandaa, ulikuwa wazi: *ataje kisa cha bibi harusi, alama nne, jina lake, alama mbili.*

Sasa niseme lililokuwa limekaa kooni kwangu tangu mstari wa pili wa karatasi ile.

Hakukuwa na bibi harusi. Bibi harusi nilimtunga mimi.

Ilikuwa zaidi ya miaka ishirini nyuma, mchana wa jua kali, na jino likiniuma. Nilikuwa na mzee mmoja mgeni na mkewe, waliokuwa wakiuliza kila kitu. Mlango huu wa nani? Jiwe hili la wapi? Tulipofika chini ya dirisha lile nilikuwa nimebakiwa na njia mbili: kusema sijui, au kusema chochote. Nikasema chochote. Nikasema kulikuwa na msichana, alikuwa dirishani, akamwona mchumba wake akila muhogo wa kuchoma kwa pupa hadi majivu yakamjaa mdomoni, akakataa ndoa. Baba yake akaziba dirisha asije akaona na wengine wanavyokula. Yule mama alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza msichana aliitwa nani. Na kwa kuwa jino lilikuwa likipiga kama ngoma, nikataja jina la kwanza lililonijia, ambalo ni jina la mbuzi wa shangazi yangu. Silitaji hapa, kwa heshima ya mbuzi.

Nilikisimulia kisa kile msimu mzima, halafu nikaondoka kama kawaida yangu. Niliporudi nilikikuta kimekua. Muhogo ulikuwa umetoweka, farasi amezaliwa, Sultani kapata mpwa. Mwenzangu ndiye aliyekilea, na kukilea amekilea vizuri, wageni wake walikuwa wakilia kwa zamu. Ila jina lilibaki lile lile. Na mimi, nilipoliona kwenye karatasi namba kumi na mbili, sikuona aibu hata kidogo. Niliona fahari. Nilitoa kumi na nane kama mtu anayempa mwanawe peremende.

Mchana Mwalimu alitafuta jibu la chini, akatoa namba thelathini na moja. Mwandiko ulikuwa mkubwa, wa mtu asiyeandika mara kwa mara, umekandamizwa hadi upande wa pili wa karatasi unapapasika. Nalikumbuka karibu lote, na utaona kwa nini.

"Dirisha hili sijui nani aliliziba. Nilimuuliza mzee wa nyumba ya jirani, alisema alilikuta hivyo. Mawe ya kuzibia ni madogo kuliko mawe ya ukuta na chokaa yake ni nyeupe zaidi, kwa hiyo lilizibwa baadaye sana, nyumba imeshajengwa. Upande huu ndio unaopigwa na upepo wa chumvi. Dirisha la pembeni limeoza mbao zake. Labda waliziba kwa sababu hiyo, lakini labda. Wenzangu wanasema kuna bibi harusi. Nimeuliza watu watatu wazee wa mtaa huu, hakuna anayemjua wala ukoo wake. Mimi simwambii mgeni nisilolijua."

Basi. Halikuwa na karibu mgeni, wala kiganja juu ya jiwe. Liliishia hapo.

"Hili sasa," mwenzangu alisema, na kulipiga kwa ukucha. "Mtu kalipa, katoka kwao, kapanda ndege mbili, unamwambia sijui? Sijui hiyo anayo bure nyumbani kwake!"

"Huyu nikimpa wageni, watarudi hotelini saa nne asubuhi," alisema dada.

Tukafunua vijikaratasi. Mwalimu saba, dada sita, mwenzangu nne. Mimi niliandika sita. Nataka iandikwe kwamba niliandika sita, kwa mkono wangu, nikijua.

Mwalimu alisita. "Hoja anazijenga," alisema. "Lakini mimi si mwongozaji. Kama kisa kinajulikana na yeye hakijui, basi hakijui." Alinitazama mimi na mwenzangu, wazoefu wake wawili. "Kinajulikana?"

"Tangu enzi za mababu, Mwalimu," mwenzangu alisema.

Mimi nilisema naomba kutoka nje kidogo.

Nilinunua muhogo wa kuchoma, nikasimama kivulini karibu na yule wa dawa ya panya. "Wanakula, wanalala, hawaamki!" alikuwa akisema. Nilihesabu mambo. Nikinyamaza, namba thelathini na moja inakuwa jibu la chini. Hiyo peke yake ni mtu mmoja na mwaka mmoja. Lakini jibu la mfano haliishii kwa mwenyewe. Jumamosi watu kumi wangeliweka mbele yao, na kila watakapokutana na mtahiniwa aliyesema sijui, au labda, au niliuliza, wangelitupia macho na kusema, aa, huyu ni wa chini. Nikisema, nitatoka chumbani nimevuliwa nguo. Nilikuwa na umri wa miaka arubaini na kitu, na ile ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kukaa upande wa meza wenye kalamu nyekundu. Nilikuwa nimeipenda kalamu ile. Boti ya saa kumi ilikuwa bado haijaondoka, na nitakuwa mwongo tena nikisema sikuifikiria.

Nilirudi. Mwalimu alikuwa ameanza maelezo, na kwa kuwa mwandiko wangu ndio uliokuwa ukisomeka, akanipa mimi niandike. Majibu yote matatu yalitakiwa yanakiliwe kwa mkono mmoja, ili Jumamosi mtu asimpendelee mwenye mwandiko mzuri.

"Andika: jibu la chini," alisema. "Mtahiniwa hana maarifa ya eneo."

Niliandika "Mtahiniwa". Nikaandika "hana". Kalamu ikagoma.

"Una nini wewe? Umeshiba muhogo?"

"Mwalimu, anayo."

"Anayo nini?"

"Maarifa ya eneo. Wasio nayo ni sisi. Bibi harusi hayupo. Nilimtunga mimi, nilikuwa naumwa na jino."

Nje, panya bado walikuwa wanakula, wanalala.

Mwenzangu alivua miwani. Nilikuwa sijamwona macho kwa miaka kumi. "Yakhe, usitutie mkosi. Hadithi ile mimi nimeikuta kwa wazee."

"Wazee gani? Umeikuta kwangu, umenishikia mkoba. Mzee wako ni mimi."

"Mpwa wa Sultani je?"

"Huyo ni wako. Mimi nilikuwa na mtu anakula muhogo."

"Kila mtu akitaka kuonekana atasema hadithi ni yake! Kesho atadai na Ngome Kongwe kaijenga yeye. Una shahidi?"

Sikuwa na shahidi. Nilikuwa na mbuzi. Nikamwambia Mwalimu lile jina la bibi harusi nimelitoa kwa mbuzi wa shangazi yangu, yule aliyekuwa akifungwa Mtoni, karibu na mwembe wa kona.

Mwalimu aliinua karatasi namba kumi na mbili, akalitafuta jina, akalisoma kwa sauti. Halafu akaishusha polepole sana.

"Mweupe," alisema, "mwenye pembe moja?"

"Ndiye."

"Aliyenilia madaftari ya Kidato cha Pili B, yote, nimeshayasahihisha?"

"Naam, Mwalimu. Na langu lilikuwamo."

"Nilirudia kusahihisha wiki nzima, yule mshenzi kakaa ananitazama." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Na leo nimempa kumi na saba."

Dada wa Matemwe alianguka juu ya meza kwa kicheko. Mwenzangu hakucheka. Alitoka nje kupiga simu ambayo nadhani haikuwa na mtu upande wa pili.

Usidhani Mwalimu alinipongeza. Alinyoosha mkono, akasema, "Kalamu." Nikampa. Alisema msahihishaji aliyejua kuwa jibu ni la uongo akalipa kumi na nane, na lililosema kweli akalipa sita, hana kosa la kipimo. Kosa lake halitibiki kwa majibu ya mfano. Kisha akanipa kalamu ya buluu. "Utanakili. Mwandiko ndicho kitu pekee ulichotoka nacho kwangu."

Nikakaa pembeni kwenye kiti cha mtoto, nikawasikiliza wakianza upya. Kwanza waliurekebisha mwongozo. Zile alama sita za bibi harusi na jina lake zilifutwa, zikahamishiwa kwa mtu anayeeleza kinachoonekana ukutani na kutofautisha analolijua na lisemwalo. Halafu wakazisahihisha tena karatasi zile zile, kipengele kwa kipengele, si kwa jumla kama moyo unavyopenda.

Namba thelathini na moja: usahihi saba, maana alikuwa ametaja mengi ya kweli lakini si yote. Mpangilio mbili. Kumvutia mgeni, moja, na hiyo moja Mwalimu na dada waliigombania robo saa.

"Moja ya nini? Hata salamu hajatoa!" alisema dada.

"Amemheshimu mgeni kwa kutomdanganya."

"Heshima hiyo mgeni haioni, Mwalimu."

"Ndiyo maana ni moja, si tano."

Saba na mbili na moja. Kumi. Alikuwa juu ya mstari, vidole vya miguu vikining'inia.

Namba kumi na mbili, yenye mbuzi wangu: usahihi moja, kwa kutaja kuwa dirisha limezibwa kwa mawe. Mpangilio tano. Mgeni tano. Kumi na moja.

Nilisahau kuwa sina kauli. "Mwalimu! Yaani mwongo bado kamshinda mkweli?"

"Kwa alama moja."

"Sasa nimesema ya nini?"

"Huu ni mtihani, mwanangu, si siku ya kiama. Yule anajua kusema, hajui anachosema. Huyu anajua, hajui kusema. Wote wawili wanaweza kufundishika. Kosa lililowaweka mmoja juu na mmoja chini lilikuwa letu sisi, si lao."

Kwa hiyo jibu la juu lilikuwa jengine kabisa, ambalo asubuhi tulikuwa tumeliruka: lilieleza mawe na chokaa, kisha likamwambia mgeni, kwa uchangamfu, kuna kisa watu wanakisimulia, nacho ni kitamu, ila usinidai mashahidi. La chini lilikuwa kurasa mbili nzima zenye habari za karafuu, ambazo hakuna aliyeziuliza. Na thelathini na moja Mwalimu aliifanya jibu la kati, la mpakani, pamoja na jengine la alama tisa pembeni yake, ili wasahihishaji waone mstari unapopita hasa. La kati lililokaa katikati kabisa halimsaidii mtu, alisema. Watu hawagombani katikati. Wanagombana mpakani.

Nilinakili yote. Nilipofika kwenye "Mimi simwambii mgeni nisilolijua," mwandiko wangu mzuri uliharibika kidogo, nikaanza karatasi mpya.

Jumamosi wasahihishaji kumi walikuja, pamoja na mwenzangu, ambaye alirudi kwa sababu kutorudi kungekuwa kukiri. Mimi nilikuwa mgawaji wa fotokopi na mnunuzi wa chai. Ile kazi ya asiyerudi, nimeipata mimi. Duru ya kwanza, thelathini na moja ilipata tano, tisa, kumi na mbili, saba. Zogo likawa kubwa. Mwalimu alikwenda nao kipengele kwa kipengele, akiuliza swali moja tu: alama hiyo umeiona wapi kwenye karatasi? Aliyetoa kumi na mbili akashuka. Aliyetoa tano akapanda. Kufikia adhuhuri wote walikuwa kwenye kumi, isipokuwa mwenzangu aliyekaa kwenye tisa kama kiboko kwenye tope.

"Alama moja tu, Mwalimu."

"Ndiyo. Ni mwaka mmoja wa mtu."

"Hajamvutia mgeni."

"Kwa hiyo usahihi umempa saba?"

"Saba."

"Mpangilio?"

"Mbili."

"Na mgeni sifuri. Soma sentensi ya mwisho, kwa sauti. Kisha useme ni sifuri."

Mwenzangu aliisoma. Aliisoma vizuri, ana sauti nzuri, ndiyo maana wageni walikuwa wakilia. "Mimi simwambii mgeni nisilolijua." Akanitazama mimi, niliyesimama mlangoni na birika. Akaandika moja, kwa kukandamiza.

Matokeo yalibandikwa kwenye ubao wa chama wiki mbili baadaye, kwa namba tu. Nilipita nikijifanya naelekea Forodhani. Thelathini na moja: amefaulu. Kumi na mbili: amefaulu. Mbuzi pia, kwa namna yake, alikuwa amefaulu.

Niliondoka, nikaenda Tanga, nikarudi. Siku moja msimu huu nilipita Shangani, nikakuta kikundi cha wageni chini ya dirisha lile, na mwongozaji wao, mwanamke wa makamo mwenye raba miguuni na sauti isiyo na sukari hata punje. Aliwaonyesha mawe. Aliwaonyesha chokaa. Mmoja akamwuliza, si kuna kisa?

"Kipo," alisema. "Cha bibi harusi. Si cha kweli. Kuna mwongozaji mmoja alikitunga, akaja kukiri mbele ya kamati nzima, akilia, amepiga magoti, amemshika mbuzi kwa kamba."

Nikafungua mdomo kusema sikupiga magoti, na mbuzi alishakufa siku nyingi. Wageni wakaanza kucheka. Yule mwongozaji akaugusa ukuta kwa kiganja. "Lakini hilo la mbuzi," alisema, "nimeambiwa tu. Sikuwepo."

Nikafunga mdomo, nikaendelea na njia yangu. Kwa maneno yale mawili ya mwisho, mimi ningempa mbili za kumvutia mgeni, si moja.